Nishati giza na mwisho wa ulimwengu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tukikaa na watu usiku ufukweni kaskazini mwa Malindi, pale kati ya Mambrui na Ngomeni ambako taa za hoteli hazifiki, mazungumzo huanza na Kilimia na sayari, kisha huishia palepale: haya yote yataishaje? Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila mara. Nimeyapa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwa jingine. Mwenye haraka aende moja kwa moja swali la 6, kwa sababu mengine yote yananing'inia hapo.

## Mambo ya msingi

1. Nishati giza ni kitu gani?

Ni jina tulilokipa kitu kinachozifanya galaksi ziachane kwa kasi inayozidi kuongezeka. Kwamba zinaachana tunajua tangu kazi za Georges Lemaître mwaka 1927 na Edwin Hubble mwaka 1929. Kwa kuwa kila chenye uzito huvuta kingine, wataalamu walitarajia mwendo huo upungue polepole. Kwa mabilioni ya miaka ulipungua kweli. Lakini yapata miaka bilioni 6 iliyopita ukageuka, na tangu hapo unaongezeka.

Ukijumlisha vyote vilivyomo ulimwenguni leo, nishati giza ni kama asilimia 68. Maada giza ni 27 hivi, na vitu vya kawaida, yaani nyota, bahari, samaki na sisi wenyewe, ni kama asilimia 5 tu. Usichanganye hizo mbili za kwanza: maada giza huvuta na kujikusanya kuzunguka galaksi, nishati giza husukuma na imetandaa sawasawa kila mahali.

Maelezo mepesi kuliko yote ni kwamba hiyo ni nishati ya nafasi tupu yenyewe. Einstein aliweka namba ya aina hiyo kwenye milinganyo yake mwaka 1917 ili ulimwengu usimame tuli, kisha akaiacha ilipobainika kwamba hausimami. Namba imerudi, kwa kazi nyingine.

2. Iligunduliwaje?

Kwa kutazama nyota zinazolipuka. Kuna nyota ndogo nzito ziitwazo vibete vyeupe. Kibete kikinyonya maada ya jirani yake kikakaribia uzito wa mara 1.4 ya Jua, hulipuka chote. Milipuko hiyo, supanova za aina ya Ia, hung'aa kwa nguvu inayokaribiana, na tofauti ndogo zilizopo husahihishwa kwa kuangalia mlipuko umefifia kwa siku ngapi. Mvuvi anayezijua karabai za wenzake hukisia mashua iko mbali kiasi gani kwa kuangalia taa imefifia vipi; hesabu ya supanova ni hiyohiyo.

Mwaka 1998 timu mbili, moja ya Saul Perlmutter na nyingine ya Brian Schmidt na Adam Riess, zilikuta supanova za mbali zimefifia kuliko ilivyotakiwa, kwa robo hivi. Maana yake zilikuwa mbali zaidi ya matarajio: ulimwengu ulikuwa umepanuka zaidi wakati mwanga wao uko njiani. Timu hizo zilikuwa zikishindana, na zote zilikuwa zimetoka kwenda kupima upungufu wa kasi. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2011.

3. Haiwezi kuwa ni vumbi tu lililofifisha mwanga?

Swali zuri, na liliulizwa mapema. Vumbi la kawaida huzuia mwanga wa buluu kuliko mwekundu, ndiyo maana Jua hugeuka rangi linapozama. Supanova hizo hazikuonyesha wekundu wa ziada wa kutosha. Bado mtu angeweza kubuni vumbi la ajabu linalozuia rangi zote sawa. Hilo lilipata jibu mwaka 2001, Riess na wenzake walipochambua supanova 1997ff, ambayo mwanga wake ulisafiri kama miaka bilioni 10. Vumbi lingeifanya ififie zaidi ya zote. Badala yake ilikuwa angavu kuliko hesabu ya vumbi, kama inavyotakiwa iwapo zamani hizo mvutano ulikuwa bado unaushinda msukumo.

Leo hata ukizitupa supanova zote, vipimo vingine vinakufikisha palepale. Tazama swali la 7.

4. Hapa tulipo ipo kiasi gani?

Ipo, ila ni kidogo mno. Kila kilomita ya ujazo ina nishati giza kama nusu ya jouli, kazi inayotosha kuinua gramu 50 kwa urefu wa mita moja. Chukua nafasi yote iliyo ndani ya njia ya Dunia kuzunguka Jua, tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita milioni 150. Nishati giza yote iliyomo humo ina uzito wa takriban tani 85,000, uzito unaoweza kubebwa na meli moja kubwa ya mizigo. Jua peke yake ni kilo 2 zikifuatwa na sufuri 30.

Nguvu yake inatokana na wingi wa utupu. Kati ya galaksi na galaksi hakuna kitu kingine cha kushindana nayo, na utupu huo ni mkubwa kupita fikra.

5. Kama nafasi inapanuka, mbona Malindi na Lamu haziachani?

Kwa sababu vitu vilivyoshikana havipanuki. Ardhi imeshikwa na kani za atomi, Mwezi umeshikwa na Dunia, Dunia imeshikwa na Jua, nyota zimeshikwa na galaksi yetu. Kinachopanuka ni umbali kati ya makundi ya galaksi yasiyoshikana. Msukumo wa tani 85,000 za swali lililopita dhidi ya uzito wa Jua hauwezi kuisogeza njia ya Dunia kwa kiasi chochote kinachopimika.

Kama hali hiyo itadumu milele au itavunjika siku moja, ndiyo tofauti kati ya miisho miwili tunayoieleza hapa chini.

## Namba inayoamua

6. Hiyo namba w wanayoizungumzia ni nini?

Ni uwiano wa shinikizo la nishati giza kwa wingi wake. Hewa iliyo ndani ya tairi ina shinikizo chanya: inasukuma kuta nje. Nishati giza ina shinikizo hasi. Katika nadharia ya Einstein si uzito pekee unaovuta. Shinikizo nalo huingia kwenye hesabu, tena mara tatu, kwa kila upande mmoja wa nafasi. Shinikizo likiwa hasi vya kutosha, w ikiwa chini ya -1/3, jumla hugeuka na mvutano huwa msukumo. Hakuna uchawi wala kani mpya: ni kani ya mvutano ileile ikipewa kitu kisicho cha kawaida.

Lakini kwa mwisho wa ulimwengu, jambo la kuangalia ni hili. Maada ikitandazwa kwenye nafasi kubwa zaidi, hupungua katika kila mita ya ujazo. Nishati giza hufuata w:

Ikiwa w ni -1 kamili, haipungui wala haiongezeki. Kila nafasi mpya inayozaliwa huja na kiasi chake kilekile. Hii ndiyo namba ya Einstein.

Ikiwa w iko juu kidogo ya -1, tuseme -0.9, umbali wote ulimwenguni ukiongezeka maradufu, nishati giza katika kila mita ya ujazo hushuka hadi asilimia 81 ya ilivyokuwa.

Ikiwa w iko chini ya -1, mambo hugeuka kichwa chini. Kwa -1.1, umbali ukiongezeka maradufu wingi wake hupanda kwa asilimia 23. Kwa -1.5 hupanda karibu mara tatu. Kadiri ulimwengu unavyopanuka ndivyo msukumo unavyokolea, na msukumo ukikolea unapanuka kwa kasi zaidi. Nishati ya aina hii wanafizikia huiita nishati ya mzuka, na jina hilo linaonyesha wanavyoitilia shaka.

7. Na imepimwa kuwa ngapi?

Karibu na -1. Mwaka 2018 timu ya satelaiti ya Planck, ikichanganya vipimo vyake na vya wengine, ilitoa -1.03, kukiwa na uwezekano wa kukosea 0.03 juu au chini. Namba hiyo inakubaliana na -1 kamili, lakini haimfukuzi mzuka.

Vipimo ni vya aina tatu hasa. Kwanza ni supanova, tulizozieleza swali la 2. Pili ni mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa na miaka 380,000, ambao ndio uliopimwa na Planck. Tatu ni alama iliyoachwa na mawimbi ya sauti ya wakati huohuo. Kabla ya atomi kutengenezeka, gesi ya moto ilikuwa ikivuma, na mawimbi yake yalipoganda yaliacha galaksi zikipenda kidogo kuwa umbali fulani baina yao. Umbali huo leo ni kama miaka ya nuru milioni 490. Ukiutafuta katika galaksi za nyakati mbalimbali, unapata rula ya kupimia upanukaji hatua kwa hatua.

Aina hizo tatu hukosea kwa njia tofauti, kwa hiyo zikikubaliana ndipo mtu huanza kuamini.

## Mwisho wa kwanza: kupoa kusikokwisha

8. Ikiwa w ni -1, kitatokea nini?

Hakuna kishindo. Umbali kati ya makundi ya galaksi utafikia hali ya kuongezeka maradufu kila miaka bilioni 12 hivi, tena na tena, bila kikomo. Vilivyoshikana vitabaki vimeshikana, kwa sababu msukumo ndani yao haukolei kamwe.

Jua letu litavimba na kufa baada ya takriban miaka bilioni 5, jambo lisilohusiana na nishati giza hata kidogo. Galaksi zitaendelea kutengeneza nyota mpya huku gesi ikipungua, hadi nyota ndogo nyekundu, zinazoishi matrilioni ya miaka, zibaki peke yake. Baada ya miaka trilioni 100 hivi, nazo zitakuwa zimezimika. Hapo kuna vibete vinavyopoa, nyota za nyutroni na mashimo meusi.

Hata mashimo meusi hayadumu, ikiwa hesabu ya Stephen Hawking ya mwaka 1974 ni sahihi. Lenye uzito wa Jua huyeyuka kwa miaka inayoandikwa kwa 1 na sufuri 67. Makubwa kabisa yanafika sufuri 100 hivi. Baada yao ni miale hafifu na chembe zilizotawanyika.

9. Watakaokuwepo wakati huo wataona nini angani?

Mwezi wa Novemba, kama saa tatu usiku, simama ufukweni uangalie upande wa kaskazini. Kama anga ni safi na mwezi haupo, utaona doa la ukungu nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini. Hiyo ni galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Hiyo itabaki: imeshikana na galaksi yetu na inatukaribia kwa kilomita 110 hivi kwa sekunde. Zamani ilisemwa kwamba kugongana ni hakika. Hesabu iliyotolewa mwaka 2025 inasema ni nusu kwa nusu katika miaka bilioni 10 ijayo.

Zilizo nje ya kundi letu ndizo zitakazopotea. Mwanga wao utavutwa ukawa mwekundu, kisha wa mawimbi ya redio, kisha usiopimika. Baada ya zaidi ya miaka bilioni 100 mtaalamu wa nyota ataona kisiwa kimoja cha nyota na giza tupu kukizunguka. Hatakuwa na galaksi ya mbali ya kumwonyesha kwamba ulimwengu unapanuka. Kwangu mimi hili linasikitisha kuliko baridi yenyewe.

10. Kwa hiyo kuna galaksi ambazo hatuwezi kuzifikia hata leo?

Ndiyo, na ni nyingi kuliko tunazoweza. Galaksi iliyo zaidi ya miaka ya nuru bilioni 16 au 17 kutoka hapa, mwanga unaoondoka kwake leo hautatufikia kamwe, hata tukingoja milele. Bado tunaiona kwa mwanga wa zamani iliouachia ilipokuwa karibu. Zaidi ya asilimia 90 ya ulimwengu tunaouona uko nje ya mpaka huo tayari.

Watu huuliza kama hapo kanuni ya kasi ya mwanga haijavunjwa. Haijavunjwa. Kanuni inakataza kitu kupita nafasini kwa kasi kuliko mwanga uliopo palepale. Haisemi nafasi kati ya vitu viwili ikue kwa kiasi gani.

11. Joto litafika sufuri kabisa?

Halitafika. Leo anga tupu ina joto la nyuzi 2.7 juu ya sufuri ya Kelvini, na litashuka mno. Lakini mpaka wa swali la 10 wenyewe, kwa hesabu za aina ya Hawking, hutoa joto lake dogo lisilopungua: desimali yenye sufuri 29 kabla ya kufikia 2, kwa nyuzi za Kelvini. Hakuna kifaa kitakachowahi kulipima.

## Mwisho wa pili: Mraruko Mkuu

12. Mraruko Mkuu ni nini?

Ni kinachotokea w ikikaa chini ya -1 daima. Rudi kwenye hesabu ya swali la 4. Msukumo ndani ya njia ya Dunia leo ni mdogo kuliko mvutano wa Jua kwa tofauti ya sufuri 22 hivi. Nishati ya mzuka hukolea bila kusimama, kwa hiyo itafika siku ya kuziba pengo hilo, na Dunia itaachana na Jua. Galaksi, ambazo zimeshikana kwa ulegevu zaidi, zitakuwa zimeachana mapema. Vilivyoshikana sana, kama mwamba na atomi, vitafuata mwishoni. Hesabu huishia kwenye dakika moja maalumu ambapo msukumo unakuwa hauna kikomo, nayo inakuja baada ya muda wenye kuhesabika, si milele.

Si mlipuko unaoanzia mahali. Unatokea kila mahali kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna pa kukimbilia.

13. Tunaweza kuhesabu ni lini?

Tunaweza, na hesabu haihitaji zaidi ya kikokotoo cha simu. Robert Caldwell, Marc Kamionkowski na Nevin Weinberg waliiandika mwaka 2003:

```
T = (2/3) × (1/H) ÷ ( |1+w| × √(1−Ωm) )
```

Hapa T ni muda uliobaki kabla ya Mraruko, H ni kasi ya upanukaji wa leo, 1/H ni kama miaka bilioni 14, na Ωm, fungu la maada ya aina zote, ni 0.3. Wao walichukua w kuwa -1.5, namba kali kuliko vipimo vya sasa vinavyoruhusu, ili picha ionekane wazi. Theluthi mbili za 14 ni 9.33. Gawa kwa 0.5 upate 18.7. Gawa kwa 0.84, ambayo ni kipeuo cha pili cha 0.7, upate 22. Yaani miaka bilioni 22 kutoka leo.

Sasa weka namba zinazokaribia vipimo. Kwa -1.1 jibu ni miaka bilioni 111. Kwa -1.03 ni zaidi ya bilioni 370. Kadiri w inavyoisogelea -1 ndivyo siku hiyo inavyokimbia mbele, na kwenye -1 kamili inatoweka. Hii ndiyo sababu vipimo haviwezi kamwe kuufuta Mraruko kabisa. Vinaweza tu kuusukuma mbali.

14. Siku ya Mraruko ikikaribia, mambo yataanzaje kuharibika?

Kuna kanuni nzuri katika andiko hilohilo. Chukua muda ambao kitu kinatumia kuzunguka mara moja. Kwa w ya -1.5, zidisha kwa 0.28. Jibu ndilo muda utakaobaki kabla ya Mraruko wakati kitu hicho kinaachia.

Jua huzunguka galaksi yetu kwa miaka milioni 220 hivi, kwa hiyo galaksi hufumuka ikibaki miaka milioni 60. Jupita hutumia karibu miaka 12. Ingeachia ikibaki miaka mitatu na ushei. Dunia hutumia mwaka, nayo ingeponyoka ikibaki miezi mitatu na siku kadhaa. Mwezi hutumia siku 27.3: ungetuacha ikibaki siku saba au nane. Mtu wa pwani angeyajua hayo bila darubini. Bamvu lingepungua nguvu, tofauti yake na maji mafu ingefifia, kisha maji yangekuwa yanapanda na kushuka kidogo tu.

Kwa ardhi yenyewe, chukua dakika 84, muda ambao kitu kingetumia kuizunguka kikiwa karibu na uso wake. Unapata kama dakika 24. Zikibaki dakika hizo, sayari hupasuka. Atomi huachana ikibaki sehemu ya sekunde inayoandikwa kwa sufuri 18 baada ya nukta.

Dunia na Jua hapo ni mfano tu wa kupimia. Baada ya miaka bilioni 22 Jua letu litakuwa limeshakufa kitambo, lakini nyota nyingine na sayari zake zitakuwepo.

15. Wataalamu wanauamini kweli?

Wengi hawauamini, na si kwa sababu unatisha. Nishati inayokolea kadiri inavyotandazwa ni ngumu kuijenga katika fizikia tunayoijua. Mifano mingi iliyojaribiwa huhitaji chembe zenye nishati hasi, na palipo na chembe hizo nafasi tupu ingeweza kuzizalisha pamoja na za kawaida bila kulipa chochote, ikachafuka mara moja. Nafasi tupu haijachafuka. Hata hivyo kipimo ndicho hakimu, na kipimo bado kinaacha mlango wazi kidogo.

## Habari za karibuni

16. Nilisikia nishati giza inadhoofika. Ni kweli?

Huenda, na ndiyo habari kubwa tangu 1998. Kifaa kiitwacho DESI, kilichofungwa kwenye darubini ya mita 4 huko Kitt Peak, Arizona, hutumia nyuzi 5,000 zinazoelekezwa na roboti ndogo kuchukua mwanga wa galaksi 5,000 kwa mpigo. Machi 2025 kilitoa rula ya swali la 7 kutoka galaksi na kwasa, yaani viini vya galaksi vinavyong'aa mno, zaidi ya milioni 14. Ukiichanganya na Planck na supanova, namba zinapendelea w inayobadilika: zamani chini ya -1, leo juu yake, kati ya -0.67 na -0.84 kutegemea umetumia orodha ipi ya supanova.

Hapo penye "kutegemea" ndipo penye shida. Nguvu ya ushahidi hupimwa kwa sigma: kadiri namba ilivyo kubwa ndivyo ilivyo vigumu matokeo kuwa ya bahati tu. Hapa ni kati ya sigma 2.8 na 4.2 kwa orodha tofauti, na wanafizikia hawasherehekei kabla ya sigma 5. Supanova za karibu zilipigwa picha na darubini za zamani, za mbali na darubini mpya. Kosa la asilimia chache katika kulinganisha mwangaza wao linatosha kuiga nishati inayodhoofika. Dalili ya kosa la aina hiyo ni matokeo kubadilika unapobadilisha orodha, na hilo ndilo tunaloliona. Kwa upande mwingine, DESI na Planck bila supanova yoyote bado hutoa sigma 3.1. Nami ningesubiri.

17. Ikidhoofika, ulimwengu utarudi kujikunja?

Si lazima. Ikidhoofika hadi ikakaribia sufuri, ulimwengu utaendelea kupanuka bila kuongeza kasi, na utapoa kama ilivyo katika swali la 8, tofauti ikiwa kwamba galaksi nyingi zaidi zitabaki zikionekana. Ili kila kitu kirudi na kusongamana pamoja ni lazima nishati giza ivuke sufuri iwe hasi, ianze kuvuta. Kuna mifano ya hesabu inayofanya hivyo, lakini hakuna kipimo cha leo kinachoweza kusema itavuka. Kujua w ya jana na ya leo hakukupi w ya kesho bila nadharia, na nadharia hiyo hatunayo.

## Maswali ya pembeni

18. Ngomeni ilikuwa na mkono wowote katika elimu hii?

Ilikuwa nao kwa njia ya mzunguko. Tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni. Ilipewa jina Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobeli mwaka 2002.

Pamoja na mashimo meusi, Uhuru ilionyesha kwamba makundi makubwa ya galaksi yamejaa gesi ya moto inayotoa eksirei. Miaka mingi baadaye, mwaka 2008, timu ya Alexey Vikhlinin ikitumia darubini ya anga ya Chandra ilihesabu makundi hayo ya karibu na ya mbali, ikaona yamekuwa yakikua polepole kuliko ambavyo mvutano peke yake ungefanya. Kitu kilikuwa kikiyazuia kujikusanya. Huo ni ushahidi wa nishati giza usiotegemea supanova, na mzizi wake uko kwenye maji yanayovuliwa kamba hapa kwetu.

19. Je, hii ndiyo Kiyama?

Wazee huniuliza hili kwa upole, vijana kwa utani. Hesabu za hapa ni za aina ya "ikiwa w ni hivi, basi itakuwa vile", na siku ya karibu kabisa iliyotajwa ni mabilioni ya miaka. Kiyama katika mafundisho ya dini elimu yake iko kwa Mwenyezi Mungu, na hakuna darubini inayodai kuipima. Nisingependa mtu achukue aya na kuibandika juu ya namba ambayo mwakani inaweza kusahihishwa.

20. Lini tutajua ni mwisho upi?

Kama w ni -1 kamili, hatutajua kwa uhakika kamwe. Tutazidi tu kupunguza nafasi ya kukosea. Kama siyo, tunaweza kujua mapema. Darubini ya anga ya Euclid, iliyorushwa Julai 2023, inapima maumbo ya galaksi na rula ileile ya mawimbi ya sauti. Darubini ya Vera Rubin nchini Chile ilitoa picha zake za kwanza Juni 2025 na itakusanya supanova kwa wingi usiowahi kuonekana, za karibu na za mbali kwa kamera moja, jambo litakaloondoa tatizo la orodha nililolieleza swali la 16. DESI nayo inaendelea kukusanya galaksi. Ikiwa vifaa hivyo vitatu, vinavyokosea kwa njia tofauti, vitatoa w moja iliyo mbali na -1, namba ya Einstein itaachwa kwa mara ya pili.